Hijabu iandikwe ndani ya sare, si pembeni yake

Asubuhi moja, miaka kadhaa iliyopita, nilisimama kando ya lango la shule ya sekondari ya kutwa nikimsubiri mwenyekiti wa bodi. Wasichana watatu walikuja wakiwa wamejitanda hijabu nyeupe. Hatua chache kabla ya kufika langoni waliingia kwenye kivuli cha mwarobaini, wakachomoa pini, wakazivua. Mmoja aliikunja yake taratibu akaitia katikati ya daftari la hesabu ili isipate mikunjo. Kisha wakampita bawabu vichwa wazi. Hakuna aliyewaambia neno, na inaonekana hakukuwa na haja, kwa kuwa walishajua.

Mwenyekiti alipofika nilimuuliza. Akanijibu kwamba shule haijawahi kukataza hijabu, na nilipoomba kuona kanuni nikakuta amesema kweli. Ukurasa wa sare ulitaja sketi, shati, sweta, tai, soksi na viatu vyeusi. Chini yake kulikuwa na sentensi moja: mavazi mengine yoyote hayaruhusiwi ila kwa idhini ya mwalimu mkuu. Hijabu haikutajwa popote, na kisichotajwa kilikuwa kimekatazwa.

Nimeikumbuka sentensi hiyo kila nilipoombwa kusaidia bodi ya shule kuandika sera ya mavazi ya dini na nyakati za ibada. Ushauri ninaouweka hapa unalenga bodi za usimamizi za shule za umma nchini Kenya, hasa za kutwa, zenye wanafunzi wa dini mchanganyiko na pengine kanisa kama mfadhili. Kiini chake ni kimoja. Jambo lisiloigharimu shule chochote liandikwe moja kwa moja kwenye kanuni ya sare na kwenye ratiba, ili mtoto asilazimike kuliombea ruhusa. Fomu ya maombi iwekwe akiba kwa yale machache yenye gharama ya kweli.

Nianze na sheria, kwa sababu hapo ndipo bodi nyingi zimepotoshwa. Bado nasikia wajumbe wakisema kwamba Mahakama ya Juu ilipiga marufuku hijabu shuleni. Haikufanya hivyo. Kesi yenyewe ilitoka Isiolo, katika shule ya St Paul's Kiwanjani, ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti. Mnamo Juni 2014 kiongozi mmoja wa kaunti, akiwa mgeni shuleni, aliomba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Mambo yakachafuka, kanisa likaenda kortini. Mahakama Kuu mwaka 2015 ililipatia kanisa ushindi, ikiona kwamba kuwaruhusu baadhi ya wanafunzi kuvaa tofauti ni kuwabagua wengine. Mzazi mmoja, Mohamed Fugicha, akakata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikaugeuza uamuzi huo: sare inayoonekana sawa kwa wote inaweza kumwumiza mtoto wa dini fulani peke yake, na huo nao ni ubaguzi, ingawa si wa moja kwa moja. Kanisa likapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2019 iliutupa uamuzi wa rufaa.

Sababu ya kuutupa ndiyo ambayo magazeti mengi yaliipita haraka. Majaji wengi walisema Fugicha aliingia kwenye kesi kama mtu mwenye maslahi tu, akaleta madai yake ndani ya kiapo cha kujibu badala ya kufungua ombi lililo sawa kisheria. Kwa hiyo madai hayo hayakuwa mbele ya mahakama ipasavyo, na swali la hijabu lenyewe likaachwa lisubiri kesi nyingine. Jaji Ojwang' hakukubaliana na wenzake. Mjumbe wa bodi anayesema korti imekataza hijabu anasimama juu ya kosa la utaratibu wa mashtaka. Na anayesema korti imeiruhusu naye hana pa kusimama, maana hukumu iliyompa haki hiyo imefutwa.

Kilichobaki ni Katiba, na Katiba haijanyamaza. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na katika orodha ya sababu zake dini imetajwa, na mavazi pia yametajwa kwa jina. Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake, na asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha dini yake. Haki hizi zinaweza kuwekewa mipaka, lakini kifungu cha 24 kinamtaka anayeweka mpaka aeleze sababu, na aonyeshe kwamba hapakuwa na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana na Kanisa la Waadventista Wasabato kwamba wanafunzi wake wapewe nafasi ya kuishika Sabato. Mwaka 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilimtetea msichana wa Kirastafari aliyefukuzwa shule kwa sababu ya nywele zake. Bodi inayoandika sera leo iandike kama inayotarajia kuulizwa na jaji: hii shule ingepoteza nini kama mngemruhusu?

Kwa hijabu, jibu la swali hilo ni dogo mno. Nimesikia hoja ya usawa, kwamba sare huficha tofauti za tajiri na maskini. Naiheshimu hoja hiyo, kwa sababu ndiyo kazi halisi ya sare. Lakini kitambaa cha rangi ya shule, cha bei ya soko, hakimtangazi tajiri. Anayetangazwa na kanuni ya vichwa wazi ni yule wa chini ya mwarobaini, anayebadilika kila asubuhi na kila jioni mbele ya macho ya wapita njia.

Ndiyo maana sipendi neno idhini. Ruhusa inayotoka kwa mwalimu mkuu huondoka naye. Tume ya Huduma za Walimu huhamisha wakuu wa shule, na hapo ndipo pa kuangalia kama unataka kujua sera inapovunjikia. Mkuu wa zamani alikuwa amekubali kwa mdomo, mpya anafika Januari, anasoma ukurasa wa sare, anaona hijabu haipo, na wasichana waliovaa miaka miwili wanarudishwa nyumbani wiki ya kwanza. Mzazi anakuja na hasira, mkuu anajitetea kwa kanuni iliyoandikwa, na kila mmoja kati yao ana haki kwa namna yake. Kosa ni la bodi iliyoacha jambo la kudumu likae kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja.

Kifungu ninachopendekeza kiingizwe kwenye orodha ile ile ya sketi na sweta ni kifupi. Kinasomeka hivi: “Mwanafunzi anaweza kuvaa, pamoja na sare, vazi la kichwa la dini yake, iwe hijabu, kilemba au kofia. Vazi hilo liwe jeupe au la rangi ya sweta ya shule, bila maandishi wala mapambo, na liache uso wazi. Msichana anaweza kuvaa suruali ya rangi ya sketi chini ya sketi, au sketi ndefu ya kitambaa hicho hicho. Mwanafunzi haombi ruhusa kwa mavazi haya.”

Kila neno hapo limewekwa kwa sababu. Rangi mbili zimeachwa wazi kwa kuwa shule ikichagua rangi moja adimu, muuzaji mmoja wa mjini atapandisha bei. Kilemba kimetajwa kwa ajili ya watoto wa Wakorino, ambao vilemba vyao vyeupe vinaingia kwenye kifungu hicho hicho bila kuandikiwa sheria yao. Mkipanua mlango kwa dini moja tu, mwaka ujao mtakaa kikao kingine kwa ajili ya nyingine, na safari hiyo mtalaumiwa kwa upendeleo. Maneno kuhusu suruali yanatokana na Isiolo kwenyewe, ambako ombi halikuwa la kichwa peke yake. Bodi nyingi huandika hijabu zikasahau kwamba msichana huyo huyo anasumbuliwa na sketi inayoishia magotini.

Kuhusu nikabu, nimeandika uso wazi na najua wapo watakaonipinga. Mwalimu wa darasa la watu hamsini husoma nyuso ili kujua nani hajaelewa, na msimamizi wa mtihani lazima ajue kwamba aliyeketi ndiye mwenye namba ile. Hiyo ni sababu inayoweza kusimama mbele ya kifungu cha 24. Sababu za namna hiyo haziangukii hijabu. Maabara huhitaji kitambaa kisichoning'inia karibu na moto, basi kanuni ya maabara iseme ncha zichomekwe ndani ya koti, kama inavyosema nywele ndefu zifungwe. Kwa michezo, hijabu iliyoshonwa ya kuvuta kichwani, isiyo na pini, inatosha. Kwenye mtihani, hofu ya kuficha mwakenya au simu hutatuliwa na mwalimu wa kike, chumba cha pembeni, na dakika moja kabla ya kuingia. Ukaguzi huo ufanywe kwa utulivu, na usifanywe tena mbele ya madawati kitambaa kikivuliwa hadharani.

Kuna tabia nyingine ninayoiomba bodi iiache: kudai barua ya imamu au ya kasisi inayothibitisha kwamba vazi ni faradhi. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikutana na jambo hili mwaka 2007, katika kesi ya msichana wa Durban aliyevaa kipini cha puani kwa mila ya familia yake ya Kihindu na Kitamil. Shule ilijitetea kwamba kipini si sharti la dini. Mahakama ikasema linalotazamwa ni imani ya dhati ya mwanafunzi mwenyewe, na kwamba hata jambo la hiari hulindwa likiwa na maana kwake. Hukumu hiyo haiifungi Kenya, ila hoja yake ni ya busara. Bodi haina kadhi ndani yake, na ikianza kuamua lipi ni faradhi na lipi ni sunna itajikuta ikigombana na waumini juu ya vitabu vyao.

Sasa nyakati za swala. Hapa wengi huogopa bure, kwa kuwa hawajakaa na saa mkononi.

Waislamu huswali mara tano, lakini katika siku ya shule ya kutwa zinazoingiliana na masomo ni mbili: adhuhuri na alasiri. Kila swala ina mlango wake wa muda, haina dakika moja ya lazima. Adhuhuri huanza jua likipinduka kutoka utosini na hudumu mpaka alasiri iingie. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, jua halihamihami sana. Nairobi na Isiolo, adhuhuri huingia kati ya takriban saa 6:15 na saa 6:50 mchana mwaka mzima, na alasiri huingia kati ya takriban saa 9:25 na saa 10:10 hivi. Mombasa mambo hutangulia kwa kama dakika kumi. Ina maana ratiba ikipangwa mara moja, imepangwa.

Nalisema hili kwa sababu hoja zinazoletwa vikaoni mara nyingi zimeokotwa Ulaya. London, mwezi Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo adhuhuri, alasiri na hata magharibi husongamana ndani ya mchana mfupi. Mahakama Kuu ya Uingereza iliporuhusu shule moja ya London kukataza swala mwaka 2024, ilikuwa ikitazama shule yenye jengo, ratiba na nidhamu za aina yake. Huwezi kuichukua hukumu hiyo ukaivika Isiolo.

Chukueni ratiba iliyozoeleka. Vipindi vya dakika 40 vinaanza saa 2:00 asubuhi. Kuna mapumziko mafupi ya dakika 10 baada ya vipindi viwili, kisha mapumziko marefu ya nusu saa baada ya vinne. Kipindi cha sita kinaisha saa 6:40, na chakula cha mchana kinaenda hadi saa 8:00. Masomo yanakwisha saa 10:00 jioni, halafu michezo. Adhuhuri imo ndani ya mapumziko ya mchana kila siku ya mwaka. Hata siku inapoingia saa 6:45, mwanafunzi hula kwanza. Alasiri huswaliwa baada ya kengele ya mwisho, ikishaingia, kabla ya kwenda uwanjani, na muda wake uko wazi mpaka jua linapokaribia kuzama. Hakuna dakika ya somo iliyoguswa. Anayeomba kutoka darasani saa 9:35 kuwahi alasiri anaweza kujibiwa kwa upole kwamba muda bado upo, na mwalimu wake wa dini atamwambia hivyo hivyo.

Kwa nini basi walimu wa shule nyingi wanalalamika kwamba wanaoswali huchelewa kipindi cha saa 8:00? Mara nyingi lawama hupelekwa kwa swala wakati kosa liko kwenye mfereji. Rakaa nne za adhuhuri hazizidi dakika kumi. Kutawadha ndiko kunakokula muda. Tuseme wanaoswali ni 60 na mifereji inayofanya kazi ni minne. Kila mmoja akitumia dakika mbili, wa mwisho anamaliza baada ya nusu saa, na kabla ya hapo alikuwa kwenye foleni ya chakula. Ongezeni mifereji iwe minane kwenye bomba moja la plastiki ukutani, na nusu saa inakuwa robo saa. Kama maji ni ya shida, pipa lenye koki na madumu machache hufanya kazi hiyo hiyo. Njia ya kuhakiki ni rahisi: mwalimu wa zamu asimame pale siku mbili na saa, aandike aliyefika wa mwisho alisubiri muda gani. Nimeona ugomvi wa muhula mzima ukiisha kwa fundi bomba.

Mahali pa kuswalia hapahitaji jengo. Darasa la kawaida, madawati yakisogezwa nyuma, huenea mistari kadhaa ya watu, na wakiswali kwa zamu mbili linatosha shule ya ukubwa wa wastani. Kibla kwetu ni karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo chagueni darasa ambalo mistari inaweza kukaa vizuri bila watu kuelekea mlangoni. Wasichana wawe na sehemu yao ya kutawadhia yenye faragha, maana msichana hawezi kufunua kichwa na mikono kwenye mfereji ulio katikati ya uwanja. Hili likikosekana wasichana huacha kuswali shuleni bila kulalamika, na bodi hudhani hawakuhitaji.

Gharama ya kweli iko Ijumaa. Swala ya Ijumaa ni ya jamaa, ina hotuba, na kwa wavulana waliobaleghe ni faradhi. Haiwezi kuswaliwa kwa zamu darasani wakati wowote mtu apendao. Tuseme msikiti uko mwendo wa dakika 15. Kengele inalia saa 6:40, wanafika saa 6:55, hotuba na swala vinaisha kama saa 7:35, wanarudi saa 7:50. Wamewahi kipindi cha saa 8:00, lakini hawajala. Wiki baada ya wiki, watoto wanachagua kati ya msikiti na sahani, au wanakula na kuingia darasani saa 8:20. Shule nyingi huliita hilo utoro.

Ratiba ya Ijumaa inaweza kuokolewa bila kupoteza kipindi hata kimoja. Anzeni masomo saa 1:40 badala ya saa 2:00, kwa kuchukua dakika 20 za masomo ya binafsi ya asubuhi. Punguzeni mapumziko marefu kwa dakika 10. Vipindi sita vya asubuhi vinabaki na dakika zake 40, na kipindi cha sita kinaisha saa 6:10. Chakula kinaanza hapo kwa shule nzima, na wanaokwenda msikitini wanaondoka saa 6:40 wakiwa wameshiba. Saa 8:00 wote wako darasani. Wakristo wanaweza kutumia saa ile ile kwa kikundi chao cha maombi, ambacho shule nyingi hukifanya Ijumaa hata hivyo. Mpishi aulizwe mapema, kwa kuwa jiko la kuni linalozoea saa 6:40 halitaivisha maharagwe saa 6:10 kwa agizo la bodi. Nilisahau kumwuliza mpishi mara moja, na mpango mzuri wa karatasi ulishindwa wiki ya kwanza.

Wanaokwenda msikitini waandikwe majina, wasindikizwe na mwalimu, na wazazi wao wawe wametia saini mwanzoni mwa mwaka. Hapa fomu ina kazi, maana mtoto anatoka nje ya lango. Lakini daftari hilo liwe la usalama tu. Asiyekwenda asiadhibiwe na shule, wala na kiranja wa Kiislamu. Kifungu cha 32 kinamlinda asiyetaka kuswali kama kinavyomlinda anayetaka. Vivyo hivyo msichana Mwislamu asiyevaa hijabu asiandamwe na wenzake kwa kisingizio kwamba sasa imeruhusiwa. Viranja waambiwe hili siku ile ile sera inaposomwa.

Wasabato wana mahitaji ya namna nyingine. Sabato yao huanza Ijumaa jua linapozama, kwetu yapata saa 12:30 jioni, hadi Jumamosi wakati huo huo. Kwa shule ya kutwa tatizo ni masomo ya ziada na majaribio ya Jumamosi. Dawa ni kutopanga mtihani wowote unaohesabika siku hiyo. Ikishindikana, wapewe karatasi nyingine Jumatatu, kwa kuwa karatasi ile ile itakuwa imeshazungumzwa kijiji kizima.

Linabaki suala la mfadhili, na nalijua uzito wake, kwa kuwa makanisa ndiyo yaliyojenga shule nyingi tulizosomea. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili wajumbe watatu kwenye bodi na jukumu la kulea maisha ya kiroho shuleni. Lakini jukumu hilo limefungwa na maneno mengine ndani ya sheria hiyo hiyo: alitekeleze huku akilinda imani za wengine. Mfadhili hajapewa kura ya turufu juu ya sare. Amepewa kiti mezani, na ni vizuri akitumie mapema. Ninavyoisoma kesi ya Isiolo, jambo liliharibika pia kwa sababu ombi lilitoka nje ya bodi, kwenye hadhara, na kanisa likajiona limepitwa. Kwa hiyo mwenyekiti apeleke rasimu kwa mfadhili, kwa wazazi na kwa wanafunzi wenyewe kabla ya kikao cha kupitisha, na muhtasari uandike nani alisema nini. Siku ya kesi, muhtasari huo ndio ushahidi kwamba shule ilisikiliza.

Na kuna sharti moja ninaloliweka kwenye kila rasimu, ambalo wajumbe hulijadili kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Mgogoro wowote wa vazi au ibada ukizuka, mtoto anabaki darasani mpaka bodi iamue, na bodi inaamua ndani ya siku 14 kwa maandishi yenye sababu. Wakuu wa shule huniambia kwamba hilo linawanyang'anya nguvu. Ninawajibu kwa hesabu. Kesi ya Isiolo ilianza 2014 ikafika mwisho 2019. Msichana aliyekuwa Kidato cha Kwanza ilipofunguliwa alikuwa amemaliza sekondari kabla ya hukumu ya mwisho kusomwa, na hukumu yenyewe haikumjibu.

Sera ikipitishwa, ukurasa mpya wa sare uchapishwe ndani ya barua ya kujiunga, ile inayobebwa na mzazi kwenda kwa fundi cherehani. Nakala ya pili apewe bawabu, na mtu akae naye amsomee.